Simu ya 5000 mAh Nyakiriba: kwa nini chaji inaisha kabla ya jioni

Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu yake ya 1100, ile yenye tochi kichwani. Betri yake ilikuwa ya 850 mAh, na kampuni ilisema ingekaa hadi saa 400 ikiwa imewashwa bila kutumiwa, yaani zaidi ya wiki mbili. Leo kijana wa Nyakiriba ananunua simu yenye 5000 mAh, karibu mara sita ya betri ile. Anaichomoa kwenye chaja alfajiri, na kabla jua halijazama juu ya Kivu anaanza kuuliza nani ana chaja.

Lawama huangukia betri. Atasema amepigwa, kwamba boksi limeandikwa 5000 lakini ndani hakuna kitu. Pengine ni kweli amepigwa, ila mara nyingi betri ni ile ile iliyoandikwa. Tatizo ni kwamba namba aliyoisoma kwenye boksi haikuwahi kuahidi saa hata moja. Lita za tangi la pikipiki hazikuambii utafika wapi mpaka ujue umebeba nini na barabara inapanda kiasi gani, na kwa simu barabara yenyewe, kama nitakavyoeleza, ni mawimbi ya mnara.

Tuanze na namba. Miliampea-saa hupima wingi wa umeme uliomo ndani ya betri: 5000 mAh maana yake betri inaweza kutoa miliampea 5000 kwa saa moja, au miliampea 500 kwa saa kumi. Hiyo haitoshi, kwa sababu nguvu ya kazi inategemea pia volti. Betri za simu za sasa zina wastani wa volti 3.85 hivi, nyingine 3.87. Zidisha miliampea-saa kwa volti, kisha gawa kwa elfu moja, upate wati-saa. Betri ya 5000 mAh yenye volti 3.87 ina wati-saa 19.3. Namba hiyo mara nyingi imechapwa kwa herufi ndogo kwenye betri yenyewe, ikiishia na Wh, lakini kwa simu za siku hizi ambazo betri yake imegandishwa ndani, mnunuzi haioni. Angalia pia kama boksi linasema 5000 ni kiwango cha kawaida. Chini yake huwa kuna kiwango cha chini ambacho kampuni inahakikisha, kwa mfano 4900. Tofauti hiyo ni ndogo na si wizi, ingawa ile kubwa ndiyo huandikwa kwa wino mzito.

Ukishakuwa na wati-saa, hesabu inayobaki ni ya darasa la nne: gawa wati-saa kwa wati ambazo simu inakula, upate saa. Simu inayokula wati moja itamaliza 19.3 kwa saa 19, na inayokula wati mbili itamaliza kwa saa tisa na nusu. Boksi linakupa nusu moja tu ya hesabu hiyo. Nusu ya pili, yaani ulaji, haiandikwi popote, na ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya mtu na mtu.

Apple kwa miaka mingi hawakuandika mAh kwenye matangazo yao, waliandika saa. Kwa iPhone 13 walitaja hadi saa 19 za kutazama video iliyohifadhiwa ndani ya simu, na hadi saa 15 kwa video inayotiririka kutoka mtandaoni. Betri ya simu hiyo ina wati-saa 12.4 tu, chini ya thuluthi mbili ya simu yetu ya 5000 mAh. Kioo ni kile kile na spika ni zile zile katika majaribio yote mawili. Saa nne zilizopotea zimeliwa hasa na kazi ya kuleta video kupitia hewani, na hapo tunazungumzia mazingira ya majaribio, ambako mtandao hausuisui. Huko hakuna kilima kilichokaa kati ya simu na mnara.

Nyakiriba ina vilima vya kutosha. Sekta hii ya wilaya ya Rubavu imekaa juu ya Gisenyi, mamia ya mita kutoka usawa wa ziwa, na barabara kuu ya Musanze inapita eneo hilo kuelekea mjini. Watu wanalima viazi na mboga kwenye miteremko, na jirani kabisa, upande wa Kanama, kuna soko la Mahoko. Nyumba moja inatazama bonde, nyingine imejificha nyuma ya mgongo wa kilima. Hatua mia mbili zinatosha kubadilisha kabisa kile ambacho simu inakisikia.

Simu na mnara huzungumza pande zote mbili. Mnara una nguvu nyingi na haujali chaji yako. Simu, kila inapotaka kuomba video inayofuata, kupeleka alama ya kupenda, au kuthibitisha kwamba imepokea kipande cha data, lazima nayo ipaze sauti mpaka mnara usikie. Mnara huiamuru ipandishe au ishushe nguvu kulingana na umbali na vizuizi. Ukiwa karibu na mnara, nguvu inayotoka kwenye antena ya simu ni ndogo mno. Ukiwa nyuma ya kilima, simu ya 4G hupanda mpaka kikomo chake, ambacho kwa simu za kawaida ni miliwati 200. Unaweza kusema miliwati 200 si kitu. Lakini kikuza-mawimbi kinachozitoa hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kama joto, na saketi nyingine za redio hufanya kazi sambamba nacho, kwa hiyo betri inaweza kutozwa wati nzima au zaidi. Ndiyo maana simu huchemka mgongoni ukiwa bondeni hata kama hufanyi lolote la maana.

Mawimbi dhaifu yana hasara ya pili isiyoonekana. Data huja polepole, na vipande vinavyopotea njiani hutumwa upya. Video ambayo ingeshuka kwa sekunde mbili inachukua kumi na tano, na kwa muda wote huo redio iko macho. Kwa hiyo simu inalipa bei kubwa zaidi kwa kila sekunde, na sekunde zenyewe zimeongezeka.

Namba ya kuangalia si vile vijiti vinne juu ya kioo, maana kila kampuni huvichora kwa mizani yake. Kwenye simu nyingi za Android fungua `Settings`, kisha `About phone`, kisha `SIM status`, utafute `Signal strength`. Utaona namba hasi ikifuatiwa na dBm. Kwa 4G, karibu na −85 ni pazuri, −100 ni pa wastani, na ukifika −115 uko pabaya. Kumbuka mizani hii haihesabu kama rula. Kushuka kwa dBm 10 ni mawimbi kupungua mara kumi, kwa hiyo kutoka −85 hadi −115 si tofauti ya thelathini bali ya mara elfu moja.

Sasa tumtunge mtu mmoja, tumwite muuza mboga, anayeishi Nyakiriba na kuuza Mahoko. Ana ukurasa wa TikTok ambako huonyesha karoti na kabichi zake, wateja wake wako WhatsApp, na jioni hupenda kurusha laivu. Simu yake ni ya 5000 mAh, ana nayo miaka miwili, na betri imeshuka hadi asilimia 85 ya uwezo wa awali. Hilo ni jambo la kawaida kwa simu inayochajiwa kila siku. Kwa hiyo wati-saa 19.3 zimebaki 16.4. Yeye hairuhusu ishuke chini ya asilimia 10, hivyo cha kutumia ni wati-saa 14.8. Tayari karibu robo ya namba ya boksi imeondoka kabla hajagusa kioo.

Kwa siku anakaa TikTok saa tatu, Facebook na Instagram saa moja, WhatsApp saa moja na nusu, na laivu dakika ishirini. Ni karibu saa sita za kioo. Anaichomoa simu saa kumi na moja alfajiri na angependa ifike saa tatu usiku, jumla saa 16, ambazo kumi na kidogo simu imelala mfukoni huku data imewashwa.

Siku ya soko yuko Mahoko, mawimbi ni mazuri. Viwango ninavyotumia ni makadirio ya simu za bei ya kati, na nitaeleza baadaye jinsi ya kupata vyako mwenyewe. TikTok inakula wati 2.2 hivi: kioo kinawaka muda wote, prosesa inafungua video mpya kila unapopandisha kidole, na programu inapakua mapema video ambazo bado hujazifikia ili usisubiri. Saa tatu zinakula wati-saa 6.6. Facebook na Instagram kwa wati 1.8 ni 1.8. WhatsApp kwa wati 1.2 ni 1.8 nyingine. Laivu ndiyo mlaji mkuu kwa kila dakika, wati 4, kwa kuwa kamera, kubana video na kupeleka juu mtandaoni vinafanya kazi kwa pamoja. Dakika ishirini ni 1.3. Mfukoni simu inakula wati 0.15, na kwa saa kumi inafika 1.5. Jumlisha: wati-saa 13. Anafika saa tatu usiku akiwa na asilimia ishirini na kidogo. Hana malalamiko.

Siku ya mapumziko anabaki nyumbani, nyuma ya kilima, kwenye −115. Mazoea yake hayajabadilika hata dakika moja. TikTok sasa inakula wati 3.2, hivyo saa tatu ni 9.6. Facebook na Instagram 2.7. WhatsApp, kwa wati 1.9, inakula 2.9. Laivu inapanda wati 5, na kwa dakika ishirini ni 1.7. Simu iliyolala nayo haitulii, inahangaika na mnara kwa wati 0.35, na kwa saa kumi ni 3.5. Jumla ni wati-saa 20.4. Yeye ana 14.8. Akitumia kwa mwendo huo huo, inafika asilimia 10 saa kumi na nusu jioni.

Hapa ndipo dukani huambiwa: chukua ya 6000. Tuipime. Betri ya 6000 mAh ina wati-saa 23.2. Ikiwa mpya, akiacha ile asilimia 10, ana 20.9, na siku yake ya bondeni inahitaji 20.4. Inafika, kwa kujikokota. Baada ya miaka miwili ikishuka hadi asilimia 85, anabaki na 17.8, na simu itaomba chaja karibu saa moja jioni. Miliampea-saa elfu moja za ziada zimemnunulia takriban saa mbili na nusu. Kutoka bondeni kwenda penye mawimbi mazuri kulimpa zaidi ya saa nne na nusu, na hakulipa faranga.

Wenye maduka hawapendi hesabu hiyo, na siwalaumu.

Ile wati 0.35 ya mfukoni inahitaji neno zaidi, kwa kuwa watu wengi hudhani simu isiyoshikwa hailiwi chaji. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ni herufi chache. Lakini ukifika, redio ya 4G huamka, inaunganishwa na mnara, inapokea, kisha haiendi kulala mara moja. Inabaki macho kwa muda, sekunde kumi hivi kwa mipangilio mingi ya mitandao, ikisubiri kama kuna kingine. Sasa fikiria kundi la ukoo, kundi la kanisa, kundi la ushirika wa viazi na kundi la timu ya mpira. Ujumbe mia moja ukiingia kwa kutawanyika ndani ya saa moja, ni sekunde elfu moja, karibu dakika 17, redio ikiwa macho na wewe hujagusa kitu. Kunyamazisha kundi hakusaidii kitu hapa. Unanyamazisha mlio tu, ujumbe wenyewe unaingia kama kawaida. Kinachosaidia ni kuzima data kwa vipindi, au kutoka kwenye makundi ambayo huyasomi. Hilo la pili najua lina gharama zake za kijamii, hasa kundi la ukoo.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka sana ambao kwa simu nyingi za hapa hauna faida: kuweka kioo kwenye rangi nyeusi ili kuokoa chaji. Inategemea kioo. Kwenye kioo cha AMOLED kila nukta hujiwakia yenyewe, nyeusi maana yake imezimwa, na hapo unaokoa kweli. Kwenye kioo cha LCD kuna taa moja nyuma inayowaka muda wote, na nyeusi ni pazia tu mbele yake. Samsung wana mfano mzuri wa simu mbili zenye 5000 mAh sawasawa: Galaxy A05 ina kioo cha LCD na prosesa ya Helio G85 ya nanomita 12, wakati Galaxy A15 ya 4G ina Super AMOLED na Helio G99 ya nanomita 6. Prosesa yenye nanomita chache hufanya kazi ile ile kwa umeme mdogo zaidi. Anayelinganisha simu hizo mbili kwa mAh peke yake ataona ni pacha. Kwa mwenye kioo cha LCD, kinachookoa ni kupunguza mwangaza wenyewe. Akiwa sokoni juani, mwangaza wa juu kabisa unaweza kuongeza nusu wati au zaidi, na chini ya turubai la kibanda hahitaji hata nusu yake.

Nimeahidi namba zako mwenyewe. Huhitaji kifaa, unahitaji asilimia na saa ya ukutani. Subiri simu ishuke chini ya asilimia 80, kwa sababu ile ya mwanzo, 100, huganda kwa muda na kukupa matumaini ya bure. Weka mwangaza katikati, funga kila kitu kingine, andika asilimia, halafu tazama TikTok saa nzima bila kuacha. Andika tena. Tuseme imeshuka 13. Kwa muuza mboga wetu, mwenye wati-saa 16.4, asilimia moja ni wati-saa 0.164, hivyo 13 ni wati 2.1. Siku nyingine arudie akiwa nyumbani bondeni. Akikuta imeshuka 19 au 20, jibu analo: betri haijafa, mawimbi ndiyo yanayoila. Akikuta imeshuka 20 pote pawili, hata pale penye −85, basi kuna programu inayofanya kazi kisirisiri, na orodha iliyo ndani ya `Settings`, `Battery` itaitaja kwa jina, au betri imechakaa zaidi ya anavyodhani.

Betri iliyochakaa ina dalili yake, na huonekana wazi zaidi wakati wa laivu. Asilimia zinashuka taratibu mpaka 30, unaanza kurusha, ghafla ni 12, simu inazima. Unaichomeka kwenye chaja, inawaka na kuonyesha 20. Hapo asilimia hazijaibiwa. Betri inapozeeka, ukinzani wa ndani huongezeka, na kila unapovuta umeme mwingi kwa mpigo volti huanguka. Simu hulinda saketi zake kwa kuzima volti zinapofika chini, hata kama ndani bado kuna umeme. Ubaridi wa asubuhi wa vilimani huzidisha hali hiyo, kwa kuwa ukinzani huongezeka betri ikipoa. Ukiona hivyo, na hasa ukiona kifuniko cha nyuma kinaanza kuinuka au kioo kikijitenga pembeni, usiitoboe wala kuikandamiza. Acha kuichaji, mpelekee fundi abadilishe betri.

Umoja wa Ulaya umejaribu kulimaliza suala hili la saa kwa sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu janja zinazouzwa huko hubeba lebo ya nishati inayotaja kwa saa na dakika simu inakaa muda gani kwa chaji moja, kwa jaribio lililo sawa kwa kampuni zote, pamoja na idadi ya mizunguko ya chaji ambayo betri itavumilia. Kanuni zinadai betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800. Kwa mtu anayechaji mara moja kila siku, 800 ni miaka miwili na miezi miwili hivi. Aina ya simu unayoitaka ikiuzwa Ulaya pia, lebo yake ni mwongozo bora kuliko mAh, ilimradi ukumbuke kwamba jaribio hilo halikufanyika nyuma ya mgongo wa kilima chako.

Kwa hiyo muuza mboga afanye nini siku ya kukaa nyumbani? Jambo la kwanza ni kuhamisha kazi nzito badala ya kuipunguza. Video za karoti zirekodiwe shambani, lakini zipakiwe akiwa Mahoko. Kupakia ndiko kunakoilazimisha simu kupaza sauti, na pale bondeni kila megabaiti inalipiwa ghali. Kwenye matoleo ya TikTok yenye kipengele cha `Offline videos`, anaweza kupakua video za saa nzima akiwa penye mawimbi na kuzitazama nyumbani data ikiwa imezimwa. Nyumbani kwenyewe atembee na ile namba ya dBm mkononi. Dirisha linalotazama mnara linaweza kutofautiana na kitanda kwa dBm 10 au 15, na simu ikae hapo dirishani, si chini ya mto. Ajaribu pia kulazimisha 3G, apime saa moja kwa kila mtandao. Pale ambapo 4G iko mbali na 3G iko karibu, ile ya zamani inaweza kula kidogo, ingawa kwa video itakuwa nzito. Kipimo cha asilimia ndicho kitaamua, si ubishi wa barazani.

Jambo la pili ni pawabenki, na huko namba za mAh huanza kudanganya upya. Pawabenki ya 10000 mAh haichaji simu ya 5000 mAh mara mbili. Hizo 10000 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani, yaani wati-saa 37. Ili ziingie kwenye waya wa USB lazima zipandishwe hadi volti 5, na kazi hiyo hupoteza asilimia 10 hadi 15. Kampuni zinazojiheshimu huandika kwa maandishi madogo kiwango halisi cha volti 5, mara nyingi kati ya 5800 na 6500 mAh. Simu nayo inapochaji hupoteza kiasi kingine kama joto. Mwishoni wati-saa 27 au 28 ndizo zinazofika kwenye betri. Kwa simu mpya ya 5000 mAh ni mara moja na nusu kasoro kidogo. Kwa simu chakavu ya muuza mboga wetu, ni mara moja na thuluthi mbili hivi, iwapo ataiacha itulie wakati inachaji. Akiendelea na TikTok huku waya umechomekwa, sehemu ya umeme inaliwa papo hapo kabla ya kufika kwenye betri.

Siku yake ya bondeni ilipungukiwa na wati-saa 5.6. Pawabenki halali ya 10000 inaziba pengo hilo na kumwachia akiba ya siku nyingine kadhaa, hivyo hana haja ya kununua ile ya 50000 inayouzwa kwa bei ya kutupa. Ile ya 50000 ana njia ya kuijua kabla hajatoa hela. Seli zilizo ndani ya pawabenki nyingi ni zile za duara, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, na iliyo bora kabisa sokoni ina karibu 3600 mAh na uzito wa gramu 47 hivi. Ili kufika 50000 zinahitajika seli 14, na seli peke yake zitapita gramu 650, bila kifuniko wala saketi. Mwenye mizani ya kupimia karoti aiweke pawabenki juu yake. Ikisoma gramu 200, ndani haziwezi kuwa zaidi ya seli nne, hata boksi liandike nini.